Ukiikosa ndege ya kwenda, usidhani ile ya kurudi inakungoja

Wengi wetu tukinunua tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, tunaihesabu kama vitu viwili tulivyovilipia: kiti cha kwenda na kiti cha kurudi. Nikikosa cha kwanza, nasema bahati mbaya, nimekipoteza hicho, lakini cha pili ni changu bado kwa kuwa pesa yake nilishatoa. Shirika la ndege halihesabu hivyo. Kwao, ulichonunua ni safari moja yenye vipande viwili, na vipande hivyo ni lazima vitumike kwa mpangilio, cha kwanza kikitangulia. Ukiruka cha kwanza, cha pili kinafutwa. Mara nyingi kinafutwa kabla hujafika nyumbani kutoka uwanjani.

Nimekaa nyuma ya meza ya kuuza tiketi hapa Mombasa miaka mingi, na sijaona jambo linalowaumiza watu wetu wa Pwani kama hili. Huumiza zaidi wale walio na familia pande mbili: huku Pwani, na huko bara au Ughaibuni. Nitalieleza kwa kisa cha mpwa wangu, kwa sababu chake kina kila kitu ndani yake na tarakimu zake ninazo.

Kijana huyu anafanya kazi karibu na Longonot, kule chini ya mlima, upande wa Naivasha. Kulikuwa na harusi ya familia Kisauni. Akanunua tiketi ya kwenda na kurudi, Nairobi hadi Mombasa, kwa 15,200. Kwenda ni Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, kurudi Jumapili saa moja jioni. Shirika sitalitaja. Kwa jambo hili wangekuwa wengine, mambo yangekwenda vilevile.

Asiyeijua njia ya Longonot aambiwe kidogo. Kutoka Naivasha kwenda Nairobi kuna barabara mbili. Ya juu inapita Kinungi na Kimende mpaka Limuru. Ya chini inapita Longonot, inashuka Mai Mahiu, halafu inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Rironi, ambako zinakutana. Malori mazito ya kwenda Uganda na kwingineko hutumia hii ya chini, na kwenye ule mpando ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Lori moja likilala, kila kitu kinasimama. Kwa umbali, Longonot na uwanja wa Jomo Kenyatta haviko mbali, ni chini ya kilomita mia. Kwa saa, hakuna mtu anayeweza kukuahidi.

Mpwa wangu aliondoka Longonot saa saba na nusu mchana. Kwa siku ya kawaida angefika mapema hata akapata wasaa wa kula. Saa tisa alikuwa ameshapita Mai Mahiu na gari limesimama, trela limelala kwenye kona mbele yao. Rironi alifika saa kumi na moja na robo. Kisha akaingia kwenye foleni ya Nairobi ya Ijumaa jioni, ambayo haihitaji maelezo. Alifika uwanjani saa kumi na mbili na dakika arobaini, ndege ikiwa imeshaondoka dakika kumi nyuma. Kaunta ilikuwa imefungwa zamani, kwa kuwa safari za ndani kaunta hufungwa kiasi cha dakika arobaini kabla ya ndege kuruka.

Hakulia wala hakugombana na mtu. Akavuka Syokimau, akapata nafasi kwenye treni ya saa nne usiku, na kabla ya alfajiri yuko Miritini. Harusi hakuikosa. Jumapili saa kumi na moja jioni akafika uwanja wa Moi na begi lake na mfuko wa halua. Dada wa kaunta akaandika jina lake, akatazama, akaandika tena.

"Kaka, bukingi yako imefutwa."

"Imefutwa na nani? Mimi sijafuta."

"Ijumaa hukusafiri. Ukikosa ya kwanza, mfumo unafuta ya pili."

Akanipigia simu palepale. "Mjomba, wananiambia sina kiti, na risiti ninayo mkononi." Mimi nilikuwa Lamu kwa shughuli nyingine, na mtandao wa kule siku ile ulikuwa wa kukatikakatika. Tulipoelewana, alikuwa ameshalipa 12,400 kwa tiketi mpya ya kwenda Nairobi tu, maana Jumatatu asubuhi alitakiwa kazini. Harusi ile, kwa usafiri peke yake, ilimgharimu 27,600 na nauli ya treni juu yake.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani ya mashine kati ya Ijumaa na Jumapili, kwa sababu ukikijua hicho, mengine yote yanafuata.

Tiketi ya ndege siku hizi haina karatasi, lakini imebeba umbo la ile ya zamani, ile kama kijitabu chenye kurasa nyembamba zilizochanwa moja moja kwenye kaunta. Kila ukurasa uliitwa kuponi. Mpaka leo kila kipande cha safari ni kuponi, na kila kuponi ina hali yake inayoonekana kwenye skrini ya wakala. Kabla ya kusafiri imeandikwa `OPEN FOR USE`. Ukishapanda inabadilika kuonyesha kwamba imetumika. Usipopanda, mara nyingi inabaki vilevile.

Mbali na tiketi kuna kitu cha pili, nacho ni bukingi, ile yenye msimbo wa herufi na tarakimu sita. Watu huchanganya viwili hivi. Tiketi ni malipo, bukingi ni kiti. Mtu anaweza kuwa na tiketi na asiwe na kiti, na hilo ndilo lililomkuta mpwa wangu. Ndege inapofungwa milango, orodha ya waliopanda kweli hutumwa kutoka uwanjani kwenda kwenye mfumo mkuu wa bukingi. Mfumo unalinganisha majina. Jina lililokuwa na kiti na halikupanda linatiwa alama, kisha mfumo unatazama kama mtu huyo ana safari nyingine mbele kwenye bukingi hiyohiyo. Zikiwepo, zinafutwa, na viti vinarudishwa sokoni viuzwe kwa wengine. Hakuna binadamu aliyekaa akaamua. Kwa kawaida kazi hiyo huisha ndani ya saa chache.

Kwa hiyo Jumapili, kuponi yake ya pili ilikuwa bado imeandikwa `OPEN FOR USE`, lakini hakukuwa na kiti kilichofungwa nayo. Neno hilo la `OPEN` lina faida, nitalirudia.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni wa wale wanaojiandikisha kwa simu tangu jana yake na kupata pasi ya kupandia ndege, wakadhani wamejilinda. Kinachohesabiwa ni kupanda. Mwenye pasi mkononi ambaye hakuingia ndegeni naye hakutokea. Mtego wa pili ni ile barua pepe uliyotumiwa siku uliponunua. Haibadiliki. Itaendelea kukuonyesha safari ya Jumapili mpaka mwisho wa dunia. Na ikiwa tiketi ulinunuliwa na wakala, taarifa ya kufutwa, kama itatumwa, huenda ikaenda kwenye anwani ya wakala, si kwako. Ukitaka kujua ukweli, ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, weka ule msimbo wa bukingi na jina lako la ukoo, uone safari ya kurudi ipo au imetoweka.

Msomaji atauliza, kwa nini wafanye hivi? Kiti cha Ijumaa kimeondoka kitupu na wamelipwa. Wamepoteza nini?

Jibu lao ni bei. Nauli ya ndege haipangwi kwa umbali kama ya matatu. Inapangwa kwa aina ya msafiri. Mtu anayekwenda na kurudi kwa siku kadhaa huchukuliwa kuwa ni wa likizo au wa familia, naye hupunguziwa. Anayenunua kwenda tu, hasa kwa safari za mbali, mara nyingi huchukuliwa kuwa mtu wa shughuli au mwenye dharura, naye hutozwa zaidi. Ndiyo maana kwenye njia kadhaa za nje utakuta tiketi ya kwenda na kurudi ni rahisi kuliko ya upande mmoja. Watu wajanja wakagundua kwamba wanaweza kununua ya kwenda na kurudi, wakatupa kipande wasichokitaka. Vilevile bei hutegemea safari inaanzia mji gani. Maskati kwenda Mombasa na kurudi Maskati inaweza kuwa bei moja, Mombasa kwenda Maskati na kurudi Mombasa ikawa nyingine kabisa, ndege zilezile, viti vilevile. Kanuni ya kutumia kuponi kwa mpangilio iliwekwa kuwazuia hao wajanja.

Mimi naikubali sababu hiyo kwa nusu. Mjanja yupo, namjua, nimewahi kumhudumia. Lakini kijana aliyekwama nyuma ya trela pale juu ya Mai Mahiu hakuwa na ujanja wowote. Kwenye mashine, yeye na mjanja wana alama moja.

Kuna namna nyingine ya kisa hiki ambayo kwetu Pwani ni ya kawaida zaidi, na hasara yake ni kubwa kuliko ya harusi. Nayo ni ya wanaokwenda Ghuba. Tiketi inaanzia Mombasa, inabadilisha ndege Nairobi, inaendelea Dubai au Maskati, kisha inarudi kwa njia ileile. Hapo kuna kuponi nne. Sasa mama mmoja, siku kumi kabla ya safari, anaenda Naivasha kumtazama mwanawe. Anaona hakuna maana ya kushuka mpaka Mombasa ili apande ndege irudi naye Nairobi. Anajiambia, nitatoka huku, nipite Longonot, niingie Jomo Kenyatta, nipande ile ya pili. Nimewaachia kiti cha Mombasa bure, watanishukuru.

Hawatamshukuru. Ndege ya Mombasa ilipofungwa bila yeye, kuponi zote tatu zilizobaki zilipoteza viti vyao. Anafika kaunta ya Nairobi akiwa na viza, na mizigo yenye maembe na samaki mkavu, na jina lake halimo. Hapo ataambiwa anunue tiketi mpya kwa bei ya siku ile, ambayo kwa safari ya Ghuba inaweza kuzidi mara mbili ya ile aliyolipa. Nimeona mtu akiuza dhahabu ya mkononi kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni ndogo kama ingetumiwa mapema. Alipojua tu kwamba ataanzia Nairobi, angempigia aliyemuuzia tiketi aiandike upya safari ianzie Nairobi. Nauli ingehesabiwa tena, angelipa ada ya kubadilisha na tofauti ikiwepo, na mara nyingine tofauti haipo. Angepewa tiketi mpya yenye kuponi tatu. Neno la muhimu ni kabla. Kabla ya ndege ya kwanza kuruka wewe ni mteja anayebadilisha safari. Dakika moja baadaye wewe ni mtu ambaye hakutokea, na ada zake ni nyingine, na kiti huenda kimeshauzwa.

Hilo si hisani ya kaunta. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kina masharti ya mfano ya usafirishaji wa abiria, na mashirika mengi yameyachukua kwa maneno yaleyale au yanayokaribiana. Masharti hayo yanasema kwamba usipotokea bila kutoa taarifa mapema, shirika laweza kufuta safari zako za mbele au za kurudi. Kisha yanaongeza kwamba ukitoa taarifa mapema, hawatazifuta. Watu wengi wanaijua nusu ya kwanza kwa kuumwa nayo, hii ya pili hawajapata kuisikia. Isome kwenye masharti ya shirika lako, tafuta sehemu inayozungumzia kutotokea na ile inayozungumzia mpangilio wa kuponi. Kwingine utaona wameongeza kwamba hata ukitoa taarifa nauli itahesabiwa upya. Hiyo ni haki yao kuiandika, lakini kuhesabiwa upya na kufutiwa ni vitu viwili.

Turudi kwa mpwa wangu, tumweke tena ndani ya matatu saa tisa alasiri, trela limelala mbele yake. Ana simu, ana mtandao, na ana saa tatu na nusu kabla ya ndege kuruka. Saa kumi ilipofika, mwenye macho angeshajua kwamba haiwezekani. Angepiga simu kwa shirika na kusema moja kati ya mambo mawili.

La kwanza, "Nihamisheni niende na ndege ya saa tatu usiku." Nilitazama baadaye masharti ya nauli yake: ada ya kubadilisha kabla ya safari ilikuwa 2,500, na ile ndege ya saa tatu ilikuwa inauzwa 1,800 zaidi. Jumla 4,300, na Jumapili angerudi kama alivyopanga.

La pili, "Ya leo sitaiwahi, nitashuka kwa treni, lakini ya Jumapili naitaka." Kwa sentensi hiyo aombe kuponi ya kwanza iondolewe kwenye safari na ya pili ibaki, na aombe uthibitisho wa maandishi, ujumbe wa simu au barua pepe. Simu bila maandishi ni maneno ya hewani. Jumapili kaunta haitamjua huyo aliyempokea simu Ijumaa.

Na je, baada ya kuchelewa? Hapo ndipo lile neno `OPEN FOR USE` lina kazi. Kwa kuwa kuponi ya pili ilikuwa bado hai kwenye tiketi, thamani yake haikuwa imezikwa yote. Kwenye nauli yake ada ya kutotokea ilikuwa 4,500, na tofauti ya nauli kwa kiti cha Jumapili jioni ilikuwa 2,600. Angelipa 7,100 tiketi ileile ifufuliwe badala ya 12,400 ya tiketi mpya. Hizo 5,300 zilipotea kwa sababu dada wa kaunta alimpa bei ya tiketi mpya na yeye hakujua kuna swali la pili la kuuliza. Swali lenyewe ni hili: "Tiketi yangu ya zamani inaweza kuhesabiwa upya na nikalipa tofauti?" Baadhi ya nauli za chini kabisa hazikubali, watakwambia hapana na itakuwa hapana kweli. Lakini uliza kabla ya kutoa pesa, si baadaye.

Tena lisubiri siku ya safari kwa nini? Yeye alikuwa Kisauni Jumamosi kutwa nzima. Jumamosi asubuhi viti vya Jumapili vilikuwa vingi na bei iko chini. Aliyekosa ndege ya kwenda aanze kushughulikia ya kurudi siku ileile.

Kuna hali moja ambayo sheria ya mchezo inabadilika, na watu wa njia ya Longonot wanapaswa kuijua kuliko wengine. Aprili 2024, usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yalishuka kwa nguvu Mai Mahiu yakabeba nyumba na makumi ya watu, Mungu awarehemu, na barabara ikakatika. Aliyekuwa na tiketi siku ile hakuchelewa kwa uzembe. Masharti yaleyale ya mfano yanazungumzia tukio lililo nje ya uwezo wa abiria. Yanamtaka awasiliane na shirika haraka iwezekanavyo, na yanalitaka shirika lijitahidi kwa kiasi cha kuridhisha kumfikisha bila kuihesabu nauli upya. Ushahidi ndio kila kitu: picha ya barabara yenye saa, tangazo la polisi au la mamlaka ya barabara, risiti ya matatu. Trela lililolala kona ya Ijumaa ni vigumu kuliingiza humo, maana watakwambia foleni ile inajulikana. Mafuriko na daraja lililokatika ni jambo jingine.

Wenzetu Ulaya hawakuliacha suala hili mikononi mwa mashirika peke yao. Ujerumani, shirikisho la kutetea watumiaji lilizishtaki British Airways na Lufthansa juu ya kanuni hii, na tarehe 29 Aprili 2010 mahakama kuu ya shirikisho ya nchi hiyo ikatoa uamuzi. Ilisema shirika lina haki ya kuilinda bei yake dhidi ya wajanja, lakini kumfutia abiria safari zote zilizobaki bila kutazama sababu ni kumwonea. Njia ya haki waliyoionyesha ni hii: tazama siku aliponunua, safari anayoitaka sasa ingemgharimu kiasi gani peke yake. Ikiwa ingekuwa ghali kuliko alicholipa, aongeze tofauti. Ikiwa ingekuwa rahisi, asafiri.

Mpime mpwa wangu kwa kipimo hicho. Siku aliponunua, kiti cha Jumapili peke yake kilikuwa 8,900. Yeye alikuwa amelipa 15,200. Hakuna ujanja uliotendeka, hakuna aliyeibiwa, hana tofauti ya kulipa hata shilingi. Angepanda tu. Sasa chukua mtu wa Maskati, tuseme kwenda na kurudi ni rial 190 na upande mmoja ulikuwa 240. Akiruka kipande cha kwanza anaongeza 50, na shirika halijapunjwa. Kwangu mimi huo ndio uamuzi, na sioni kwa nini mashirika yanayotua Mombasa yasiufuate. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, hupokea malalamiko ya abiria. Malalamiko ya maandishi yenye nambari ya tiketi na tarehe hupata jibu. Kelele za kaunta hazipati.

Wengine wananiambia dawa ni kununua tiketi mbili za upande mmoja. Kwa safari za ndani, Nairobi na Mombasa, ni ushauri mzuri, na mashirika mengi ya bei nafuu duniani, kama Ryanair na easyJet, yanauza kila upande kwa bei yake na ukikosa mmoja mwingine unabaki. Utajua umenunua nini kwa kutazama nambari ya tiketi, ile ya tarakimu kumi na tatu. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika. 706 ni Kenya Airways, 176 ni Emirates, 910 ni Oman Air. Nambari moja kwa safari zote ni tiketi moja, na vipande vyake vimefungwa pamoja. Nambari mbili, kila upande na yake, kwa kawaida ni tiketi mbili. Mengine ya bei nafuu hayatoi nambari hiyo kabisa, utapata msimbo wa bukingi tu, na hapo itabidi uyasome masharti.

Lakini usiichukue dawa hiyo ukaitia kila mahali. Ukinunua Mombasa hadi Nairobi kwenye tiketi moja na Nairobi hadi Dubai na kurudi kwenye nyingine, kisha ndege ya Mombasa ikachelewa kwa kosa lao, lile shirika la pili halikujui. Kwao hukutokea, na safari yako ya kurudi kutoka Dubai imeondoka nayo. Kwenye tiketi moja, ndege yao ikichelewa na ukakosa ya kuunganisha, ni wajibu wao kukutafutia nyingine, na hakuna kinachofutwa. Kwa Ghuba, mimi bado nauza tiketi moja. Kwa harusi ya Kisauni, mbili.

Mwisho, pesa ya kodi. Ndani ya nauli kuna ada ambazo shirika linakusanya kwa niaba ya serikali kwa kila abiria anayeondoka uwanjani. Ambaye hakuondoka hakuitumia huduma, na mara nyingi ada hiyo hurudishwa hata pale nauli yenyewe hairudishwi, lakini hawakutafuti kukupa. Uandike ukiomba ada za kodi za kuponi zisizotumika, utaje nambari ya tiketi, na ufanye hivyo tiketi ikiwa haijamaliza muda wake, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja. Mpwa wangu niliiandika barua hiyo mwenyewe, kwa kuponi zote mbili. Zilirudi baada ya wiki saba, kwenye simu yake, akiwa kazini Longonot.